Pumu isiyosikia inhela: kisa cha bomba la hewa lililobaki milimita 6

Jamaa ni dereva bodaboda, miaka ishirini na kitu, hajawahi kuugua pumu utotoni, kwao hakuna mwenye pumu, hata fegi havuti. Kaletwa wodi ya kifua usiku kwa rufaa, na mama yake kabeba mfuko wa nailoni ndani yake kuna inhela mbili za bluu, moja ya kahawia, prednisoloni, aminofilini ya vidonge, na antibayotiki ambazo hata hazijaisha. Barua ya rufaa imeandikwa pumu kali isiyodhibitika. (Nimebadilisha vitu kadhaa vya kumtambulisha, ila mambo ya upumuaji nimeyaacha kama yalivyo.)

Mama yake alisema kitu kimoja ambacho kwangu kilikuwa na uzito kuliko barua yote. "Dokta, huyu mtu ukiwa chumba cha pili unamsikia akivuta pumzi. Na inhela anapiga kutwa, hazimsaidii chochote." Akivuta. Hakusema akitoa. Mtu wa pumu kwa kawaida shida yake kubwa iko kwenye kutoa hewa, na ule mluzi wake unausikia ukiweka stetoskopu kifuani, sauti nyingi nyingi za juu na chini zimechanganyika. Huyu sauti yake ilikuwa moja, nzito, ya kukwaruza, inasikika bila kifaa, kwenye kuvuta na kwenye kutoa pia, ila kwenye kuvuta ndo kubwa zaidi. Ukiweka stetoskopu shingoni, chini kidogo ya kongomeo, inakuwa kubwa mno, ukishuka kifuani inafifia. Hiyo sauti madaktari tunaiita stridori, na maana yake ni kwamba njia kubwa ya juu imebana, huku chini kwenye vijibomba vidogo hakuna ishu.

Halafu ndo likaja swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo kabisa: ulishawahi kuwekewa mpira wa kupumulia? Ndiyo, miezi mitatu nyuma alipata ajali, akaumia kichwa, akalazwa ICU kwenye ventileta zaidi ya wiki mbili. Alitoka vizuri, akarudi nyumbani, wiki kama sita baadaye akaanza kuhema akipanda ngazi, kisha sauti ikaanza, na kila alikoenda wakisikia mluzi wanaandika pumu.

Kilichotokea kwenye bomba la hewa ni hiki. Ule mpira wa ventileta una kiputo mwishoni ambacho kinajazwa hewa ili kuziba pembeni, hewa ya mashine isivuje na mate yasishuke mapafuni. Kiputo kinatakiwa kiwe na presha kati ya sentimita 20 na 30 za maji, yaani presha ya kuinua maji kimo hicho ndani ya mrija. Kikizidi hapo kinaminya ngozi laini ya ndani ya bomba dhidi ya gegedu, damu inashindwa kupita, ngozi inakufa, kinabaki kidonda cha kuzunguka, na kidonda kikipona kinaacha kovu la duara. Kovu tabia yake ni kujikaza taratibu, ndo maana dalili zinakuja wiki au miezi baada ya mtu kuruhusiwa, wakati hakuna tena anayefikiria ICU.

Sasa tuingie kwenye hewa yenyewe, maana hapa ndo unaelewa kwa nini jamaa akikaa kwenye kiti anapiga stori na akipanda ghorofa moja anataka kufa.

Hewa ikipita kwenye bomba ina namna mbili za kwenda. Ya kwanza ni mtiririko tulivu, hewa inaenda kwa matabaka, katikati inakimbia, pembeni inajikokota, kila tabaka linateleza juu ya jingine bila kuchanganyikana. Ya pili ni mtiririko wa vurugu, matabaka yamevunjika, kuna vimbunga vidogo vidogo vinazunguka kila upande. Kama unachoma udi nyumbani ushaziona zote mbili, moshi unapanda umenyooka kabisa kwa kimo fulani, halafu ghafla unaanza kujisokota na kutawanyika, na hapo hakuna mtu aliyepuliza.

Kinachoamua hewa itaenda kwa namna gani ni namba ya Reynolds, ya Osborne Reynolds, ambaye mwaka 1883 kule Manchester alionyesha jambo hili kwa kupitisha uzi wa rangi kwenye maji ndani ya bomba la kioo. Namba yenyewe ni rahisi:

```
Re = (uzito wa hewa kwa ujazo × kasi × kipenyo) / unato wa hewa
```

Kwenye bomba lililonyooka na laini, ikiwa chini ya kama 2,000 mtiririko ni tulivu, ikipanda juu ya hapo vurugu inaanza kuingia. Bomba la hewa la mtu mzima lina kipenyo cha kama milimita 18. Akipumua kwa utulivu, pale kwenye kilele cha kuvuta hewa inaingia kama nusu lita kwa sekunde, kasi ni mita 2 kwa sekunde, na ukipiga hesabu Re inakuja kama 2,000. Yaani hata mimi na wewe tumekaa pale mpakani, na kwa sababu hewa inatoka kwenye uwazi mwembamba wa zoloto vurugu kidogo ipo tayari. Ndo ile sauti unayoisikia ukiweka stetoskopu kwenye shingo ya mtu asiye na ugonjwa wowote.

Siti skani ya jamaa ilipofanyika baadaye ilionyesha kovu kama sentimita 3 chini ya nyuzi za sauti, urefu wake sentimita moja na nusu, na sehemu iliyobaki wazi ni milimita 6. Kipenyo kimekuwa theluthi, kwa hiyo eneo limekuwa moja ya tisa, na hewa ile ile nusu lita kwa sekunde inalazimika kupita kwa kasi mara tisa. Kutoka mita 2 kwa sekunde mpaka karibu 18, ambayo ni kama kilomita 64 kwa saa, spidi ya bodaboda yake barabara ikiwa nzuri. Re inafika zaidi ya 6,000. Hapo vurugu ni lazima.

Watu wengi waliosoma wanakumbuka sheria ya Poiseuille, kwamba ukipunguza nusu kipenyo ukinzani unapanda mara 16, halafu wanadhani kila kitu kinaelezwa na hiyo. Kwa huyu jamaa ingekuwa hivyo tusingemuona wodini. Nilipiga hesabu: kama hewa ingebaki tulivu ndani ya ile sentimita moja na nusu, msuguano na kuta ungehitaji presha ya kama 0.05 ya sentimita moja ya maji. Si kitu. Gharama yake iko kwingine. Ili hewa ipite pale misuli ya kupumua inabidi kwanza iisukume mpaka kasi ya mita 18 kwa sekunde, na hiyo kasi ni nishati. Ikitoka upande wa pili inatoka kama mshale mwembamba ndani ya bomba pana, mshale unavunjika kuwa vimbunga, vimbunga vinagongana mpaka vinakwisha, na ile nishati yote inapotea kuwa joto kidogo na sauti kidogo. Hairudi. Kila pumzi analipia upya. Hiyo peke yake ni kama sentimita 1.75 za maji kwenye kupumua kwa utulivu, zaidi ya mara 30 ya ule msuguano.

Na sauti ndo inatoka humo humo. Vimbunga vinapiga kuta za bomba bila mpangilio, presha inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, kuta na tishu za shingo zinatetemeka, sikio linasikia mkwaruzo. Kwenye kuvuta inakuwa kubwa zaidi kwa sababu kovu lake liko shingoni, nje ya kifua. Ukivuta, presha ndani ya bomba inashuka chini ya ile ya nje na sehemu laini zinavutwa kwenda ndani, ukitoa zinasukumwa nje. Kovu gumu halichezi sana, ndo maana kwake sauti ilikuwepo pande zote mbili, ila bado kuvuta kulizidi.

Sasa sentimita 1.75 za maji si mzigo wa kumuua mtu. Kupumua tu kwa kawaida kunahitaji sentimita 5 au 6, kwa hiyo akikaa anaongeza kidogo na anavumilia, hata hajui kama analipa. Ngazi ndo inamuumbua. Akipanda anahitaji hewa mara tatu, lita moja na nusu kwa sekunde. Kwenye mtiririko tulivu, hewa mara tatu ni presha mara tatu. Kwenye vurugu ni mraba, hewa mara tatu ni presha mara tisa, kwa hiyo kutoka 1.75 inafika karibu 16. Na kwa kuwa nguvu ni presha mara kiasi cha hewa, nguvu inayotumika pale kwenye kovu inapanda mara 27. Kasi ya hewa pale ni mita 53 kwa sekunde, kilomita 190 kwa saa, shingoni mwa mtu! Mswisi Fritz Rohrer aliiandika hii hali mwaka 1915 kwa mstari mmoja ambao bado tunautumia:

```
ΔP = K1·V + K2·V²
```

ΔP ni presha inayohitajika, V ni hewa inayopita kwa sekunde, K1 na K2 ni namba za bomba lenyewe. Kipande cha kwanza ni cha utulivu, cha pili ni cha vurugu. Mtu mwenye afya akiwa amekaa, kipande cha pili ni kidogo. Kwa jamaa cha pili kimemeza kila kitu, na kila anapojaribu kuhema haraka kinampiga kwa mraba. Ndo maana bila kufundishwa na mtu alikuwa anavuta pumzi ndefu za polepole na anaongea maneno matatu matatu. Mwili ulishapiga hesabu kabla yangu.

Usiku ule alioletwa alikuwa na mafua. Hapa watu huwa wanashangaa, mafua tu? Chukua ile milimita 6, ongeza uvimbe na makohozi ya milimita moja kuzunguka pande zote, unabaki na 4. Kwa kiasi kile kile cha hewa, kipenyo kikipungua presha ya aina hii inapanda kwa uwiano wa vipenyo ukijizidisha mara nne, kwa hiyo 6 gawanya kwa 4 ni 1.5, na 1.5 × 1.5 × 1.5 × 1.5 inakupa kama mara 5. Mzigo wa akiwa amekaa umetoka 1.75 mpaka karibu 9, na sasa hata kulala hawezi. Bomba la mtu mzima lenye milimita 18 likipoteza hizo hizo milimita 2 wala hajui. Watoto wadogo wenye uvimbe wa koo wanabanwa haraka kwa sababu hiyo hiyo, bomba lao ni jembamba toka mwanzo.

Oksimita ilikuwa inasoma 97. Nesi mmoja akasema oksijeni iko poa, tusubiri asubuhi, na kwa kweli ile namba inadanganya sana kwenye kisa kama hiki. Mapafu yake ni mazima, hewa kidogo inayofika inatosha kujaza damu oksijeni, kinachoisha ni misuli. Namba itakaa 97, 96, 97, halafu misuli ikichoka anashuka kwa dakika chache. Vitu vya kuangalia ni vingine: shimo la juu ya kidari linavyoingia ndani kila akivuta, misuli ya shingo, jasho, anaweza kumaliza sentensi ama hawezi, na kama anaanza kusinzia.

Jingine ni sauti yenyewe. Dada yake alikuwa pembeni ya kitanda, kuelekea saa tisa usiku akasema "afadhali kanyamaza kidogo". Hapana dada, hapo ndo tukakimbia. Sauti inatengenezwa na kasi ya hewa. Ikipungua baada ya dawa huku mtu anaongea vizuri na kidari hakiingii ndani tena, hiyo ni nafuu. Ikipungua huku macho yanalegea na kifua kinacheza kidogo tu, maana yake hewa imekuwa kidogo kiasi kwamba hata vurugu haitoshi kupiga kelele.

Tulichofanya kilifuata fizikia hiyo hiyo. Tulimkalisha wima, tukapunguza watu kitandani, tukaongea naye taratibu avute polepole, na huku si kumbembeleza tu, mtu aliyeshikwa na hofu anavuta kwa nguvu na kwenye V² hofu ni ghali mno. Tukampa adrenalini kwa nebulaiza, inabana mishipa ya damu ya ngozi ya ndani na uvimbe unapungua ndani ya dakika chache, ila inaisha baada ya saa moja ama mbili kwa hiyo hauruhusiwi kuondoka ukasema kapona. Deksamethasoni kwa sindano kwa ajili ya masaa yanayofuata. Salbutamoli, ile dawa ya inhela za bluu, tuliacha. Yenyewe inalegeza misuli ya vijibomba vidogo vya ndani ya mapafu, na kovu halina msuli wa kulegea. Na kule chini, ingawa kila kijibomba ni chembamba, viko maelfu kwa maelfu, ukijumlisha uwazi wao unapata zaidi ya sentimita 100 za mraba, hewa inatembea sentimita chache tu kwa sekunde, Re ni 1 au 2, kimya kabisa. Hata ungevipanua mara mbili usingegusa tatizo lake.

Kungekuwa na heliamu ningeitumia. Mchanganyiko wa heliamu asilimia 80 na oksijeni 20 una uzito wa kama theluthi ya hewa ya kawaida, ingawa unato wake ni mkubwa kidogo. Kwenye mtiririko tulivu unaoamuliwa na unato usingesaidia kitu, ila kwenye vurugu uzito ndo kila kitu, kwa hiyo ile 16 ya kwenye ngazi ingeshuka mpaka 5 na kidogo huku kovu liko pale pale. Haiponyi, inanunua muda. Na mgonjwa akishahitaji oksijeni nyingi, asilimia 60 tuseme, nafasi ya heliamu inabaki ndogo na faida inayeyuka. Silinda hizo hospitali nyingi hazina, sisi pia hatukuwa nayo.

Kitu ambacho hatukukifanya ni kumlaza na kumwekea mpira wa kupumulia pale wodini. Mpira namba 8 kwa nje una kama milimita 11, hautapita kwenye 6, ukilazimisha unachana kovu na damu inaziba kilichobaki, na ukishampa dawa ya kulegeza misuli hawezi tena kujivutia mwenyewe. Mtu wa aina hii anaingia tiyeta akiwa anapumua mwenyewe, na daktari wa koo kashika bronkoskopu ngumu, bomba la kuangalia na kupanua njia ya hewa, mkononi kabla usingizi haujaanza.

Adrenalini ilimshika, kulipokucha alikuwa anaongea. Ndo tukampimisha. Kwenye piki flo mita, kifaa cha kupima kasi kubwa kabisa unayoweza kupuliza, alipuliza lita 150 kwa dakika, mtu wa umri na urefu wake anategemewa zaidi ya 500. Spirometa ikaonyesha sekunde ya kwanza katoa mililita 2,300. Hapa kuna ujanja mmoja wa zamani wa bei rahisi sana, gawanya mililita za sekunde ya kwanza kwa piki flo: 2,300 kwa 150 ni kama 15. Ikizidi 10, fikiria njia kubwa ya juu. Kwenye pumu vyote viwili vinashuka pamoja na jibu linabaki chini. Kwenye kovu, kilele kinakatwa kabisa kwa sababu ile V² haikuruhusu kupuliza kwa kasi hata ukaze vipi, ila ukipewa sekunde nzima bado unatoa hewa ya kutosha. Grafu yake ya kasi ya hewa ilikuwa bapa kileleni, kwenye kutoa na kwenye kuvuta. Ujanja huu una mipaka, mtu asiyepuliza kwa bidii au mwenye misuli dhaifu anaweza kukupa namba kama hiyo, ndo maana lazima apulize mara tatu na zifanane, na grafu uione kwa macho.

Alipanuliwa kwanza kwa bronkoskopu ngumu, akapata nafuu siku hiyo hiyo, lakini kovu la kuzunguka lililokomaa mara nyingi linajikaza tena, na lake lilijikaza. Mwezi wa pili akafanyiwa upasuaji, kipande cha sentimita 2 kikakatwa na ncha mbili zikashonwa pamoja. Alikaa wiki moja kidevu kimeshonwa kwa uzi kwenye ngozi ya kifua ili asinyanyue kichwa akavuta mshono, akasema hiyo ilikuwa mbaya kuliko ajali. Piki flo ikapanda mpaka 470. Zile inhela alimwachia mama yake akamuulize mfamasia namna ya kuzitupa.

Alirudi kazini kwenye boda, na kapewa piki flo mita ya kukaa nayo nyumbani. Anapuliza kila asubuhi, anaandika kwenye daftari la marejesho ya boda, na tulikubaliana ikishuka chini ya 350 siku mbili mfululizo anakuja bila kusubiri sauti, maana stridori ya mtu aliyekaa huwa haianzi mpaka bomba limefika milimita 5 au 6, na kipimo kinaanza kushuka mapema kuliko hapo.